Omba Muda, Usiombe Hela: Ujumbe wa Kumwomba Bosi Mkae Kuhusu Mshahara

Mwenyekiti, dada na kaka zangu, habari za mchana. Nimeambiwa nina dakika arobaini, na naona baadhi yenu mmekuja moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi, kwa hiyo sitawazungusha. Nimefanya kazi kwenye ofisi za utumishi miaka kumi na minne, katika kampuni tatu za hapa Dar es Salaam. Maombi ya nyongeza ya mshahara yakishapita kwa mameneja, yalikuwa yanaishia mezani kwangu. Leo sitasema namna ya kujadiliana ukishakaa na bosi. Nitasema habari ya kitu kidogo kinachotangulia, yaani ule ujumbe wa mistari michache wa kumwomba mkae. Nimeona maombi mengi mazuri yakifia hapo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini, kabla sijaingia utumishi, nilikuwa karani wa malipo. Nilijipanga wiki nzima, nikafanya mazoezi mbele ya kioo, halafu siku ya Ijumaa jioni nikamvizia bosi kwenye maegesho. Ufunguo wa gari mkononi, simu sikioni. Alipokata simu nikamwambia, "Bosi, nilikuwa naomba unifikirie kwenye mshahara." Akanitazama kwa upole kabisa, akasema, "Sawa, tutaangalia." Nilitembea hadi kituo cha daladala kama niliyeota mbawa. Nikasubiri mwezi, nikasubiri miezi mitatu. Nilisubiri miezi kumi na moja.

Kwa muda mrefu niliamini alinidanganya. Nilipohamia utumishi ndipo nilipoelewa kwamba hakunidanganya hata kidogo. Alisahau kabla hajafika Ubungo. Hakuwa na karatasi, hakuwa na tarehe, hakuwa na kitu cha kumpelekea mtu mwingine. Na kibaya zaidi, bajeti ya mishahara ya mwaka uliokuwa unakuja ilikuwa imeshapelekwa kwa mkurugenzi wiki tatu nyuma. Hata angenipenda kama mwanawe, asingekuwa na fungu la kunipa.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Sisi tunadhani bosi ndiye mwenye mkoba. Katika kampuni nyingi za ukubwa wa kati, meneja wako hana mamlaka ya kukuongezea hata shilingi elfu kumi. Alicho nacho ni nafasi ya kupendekeza. Pendekezo lake linakwenda utumishi, utumishi wanaangalia ngazi yako na wenzako wa ngazi hiyo, kisha linakwenda kwa watu wa fedha, wao wanauliza kama limo kwenye bajeti, na mwisho mkurugenzi anaweka saini. Kwa hiyo unapomwandikia meneja, kwa kweli unamwandaa mtu atakayekwenda kukusemea kwenye vyumba ambavyo wewe huingii. Ujumbe wako umpe sababu ya kukaa na wewe, na umpe muda wa kutosha kabla mlango wa bajeti haujafungwa.

Sasa mlango huo unafungwa lini? Inategemea mwaka wa fedha wa mwajiri wako, na hili ni swali unaloweza kumuuliza mhasibu wenu wakati wa chai bila kuleta maneno. Kampuni nyingi binafsi hapa kwetu zinahesabu mwaka kuanzia Januari hadi Desemba. Kwenye zile nilizofanyia kazi, idara zilikuwa zinatakiwa kuanza kuandaa makadirio yao mwanzoni mwa Septemba, watu wa fedha wanayaunganisha Oktoba, bodi inapitisha Novemba. Wengine wanafuata mwaka wa Serikali, Julai hadi Juni, basi kwao unarudisha hesabu nyuma, mazungumzo yafanyike Februari au Machi. Mashirika yanayoishi kwa fedha za wafadhili yana kalenda ya mradi, na huko mshahara wako mara nyingi umeandikwa ndani ya bajeti ya mradi tangu siku ulipotiwa saini. Ukiomba katikati, bosi hana pa kuichukua hiyo fedha, unamsumbua bure. Subiri mradi unapoandikwa upya.

Mnaona kosa tunalofanya? Tunaomba Januari. Kwa nini Januari? Kwa sababu ada, sare, kodi ya nyumba ya miezi sita, vyote vinakuja pamoja. Tunaomba kwa kalenda ya shida zetu, wakati fedha inagawiwa kwa kalenda ya mwajiri. Mtu anayeomba Januari kwenye kampuni ya Januari hadi Desemba amechelewa kwa takriban miezi minne.

Niwape mfano wa mtu ninayemfahamu, binti wa jirani yangu, na amenipa ruhusa ya kuusimulia bila jina. Ni msimamizi wa stoo kwenye kampuni moja ya kusambaza vyakula. Machi mwenzake aliyekuwa anasimamia stoo ya Mbagala aliacha kazi. Akaambiwa aishike kwa muda, "mpaka tupate mtu." Mtu hakupatikana. Ikafika Julai, anasimamia stoo mbili, anafunga hesabu mbili kila mwisho wa mwezi, na mshahara ni uleule wa 1,200,000 aliokuwa nao kabla. Alinifuata na simu yake mkononi, ujumbe ameshauandika, bado kutuma tu. Nikamwomba nisome kwanza. Ulikuwa hivi:

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Naomba nikueleze kwamba hali imekuwa ngumu sana. Tangu Machi nafanya kazi ya watu wawili na mshahara ni uleule. Kodi ya nyumba imepanda, mtoto anaanza darasa la kwanza Januari, na nimesikia fulani wa mauzo ameongezwa. Naomba niongezewe laki nne kuanzia mwezi huu, vinginevyo nitalazimika kufikiria mambo mengine. Mungu akubariki."

Kila neno humo ni kweli. Na mimi kama dada yake niliguswa. Lakini nikausoma tena kwa macho ya meneja, Jumapili saa tatu usiku, yuko sebuleni kwake na wageni. Ujumbe huu unaweza kujibiwa palepale kwa maneno manne: "Haiwezekani kwa sasa, pole." Basi, mazungumzo yameisha. Hakuna kikao, na jibu limeshatolewa kwa maandishi, hata kuligeuza baadaye itakuwa vigumu kwake.

Ombi la hela hujibiwa ndiyo au hapana, na mtu aliyeshtukizwa husema hapana kwa sababu ndiyo salama kwake. Ombi la muda hujibiwa kwa tarehe. Ni vigumu sana kwa meneja mwenye akili timamu kumwandikia mfanyakazi wake kwamba hana dakika thelathini za kumsikiliza kwa mwezi mzima. Kwa hiyo kwenye ujumbe wa kwanza tarakimu isiwemo kabisa. Ukiandika laki nne, unamfundisha kufikiria laki nne peke yake, kabla hajasikia stoo ya pili.

Hayo mengine nayo yana madhara yake. Kodi ya nyumba na ada ya mtoto ni mambo ya kweli, ila meneja hawezi kuyapeleka kwa watu wa fedha, maana kila mtu ofisini ana kodi na ada. Habari ya fulani wa mauzo ndiyo mbaya kuliko zote. Utumishi wataacha ombi lako na kuanza kutafuta nani anavujisha mishahara. Na lile la "kufikiria mambo mengine" linasomeka kama tishio la kuacha kazi. Ukilisema bila barua ya kazi nyingine mfukoni, umecheza karata usiyokuwa nayo.

Nilipomwambia hayo akafuta wote, akaandika mwingine mfupi: "Shikamoo mama, kuna jambo naomba tuongee ukipata nafasi." Akaniuliza, "Huu si ndio wa heshima sasa dada?" Ni wa heshima, ndiyo. Sisi tumelelewa hivyo, jambo zito huanzi kulitaja mlangoni, unakaribishwa kwanza, unakunywa maji. Lakini kwenye ofisi ujumbe huo una kasoro mbili. Kwanza unamtia mtu hofu. Nimekaa na mameneja waliopokea "kuna jambo", wakadhani mtu anaacha kazi, au ana mimba, au kuna wizi stoo. Mmoja alianza kutafuta mtu wa kuziba nafasi kabla hajamsikiliza mhusika. Pili, bosi anakuja mikono mitupu. Hajaangalia faili lako, hajui mara ya mwisho uliongezwa lini, hajauliza utumishi ngazi yako inaishia wapi. Ukishataja mshahara atakwambia "ngoja nikaangalie", na hapo tumerudi kwenye maegesho. Tena "ukipata nafasi" ni maneno ya kumpa mtu ruhusa ya kutopata nafasi.

Kwa hiyo neno "mshahara" litajwe. Litajwe mara moja, kwa utulivu, likiwa limepanda mgongoni mwa neno lingine la kazi: majukumu, mapitio, mkataba. Tukakaa naye barazani, tukaandika huu, na nitawasomea polepole:

"Shikamoo mama. Naomba dakika 30 za kukaa na wewe, nje ya kikao cha Jumatatu, tuzungumzie majukumu yangu tangu nilipochukua stoo ya Mbagala mwezi Machi, pamoja na mapitio ya mshahara wangu kabla idara haijaanza kuandaa bajeti ya mwakani. Napendekeza Jumatano tarehe 20 Agosti saa nne asubuhi, au Alhamisi tarehe 21 Agosti saa tisa alasiri, magari yakishaondoka. Kama nyakati hizo hazikufai, nitafuata muda wowote utakaonipangia wiki hiyo. Nitakuja na ukurasa mmoja wenye takwimu za stoo zote mbili. Asante sana mama."

Tuutazame kidogo. Ameanza na shikamoo kwa sababu meneja wake ni mtu mzima na ndivyo wanavyosalimiana kila siku. Kama bosi wako ni kijana mwenzako mnayeitana kaka, usimgeuzie shikamoo siku ya kuomba, atajua umebadilika. Lugha nayo ni hivyo hivyo. Kama barua zenu za ofisini zinaandikwa Kiingereza, andika Kiingereza. Kama mnaandikiana Kiswahili, usivae koti la kuazima.

Dakika thelathini zimetajwa kwa sababu meneja anaogopa kikao kisicho na mwisho kuliko anavyoogopa mshahara. Maneno "nje ya kikao cha Jumatatu" ni muhimu sana kwake, kwa sababu meneja wake alikuwa na tabia ya kusema "tutalimaliza Jumatatu", mbele ya madereva na makarani wote. Mshahara hauzungumzwi mbele ya watu. Na lile la bajeti ya mwakani ndilo linalobeba mzigo wote. Linamwambia meneja kwa nini ni sasa, na kimyakimya linamwambia kwamba huyu binti anajua kalenda ya nyumba hii. Hakusema "nakuomba uniweke kwenye bajeti." Amesema tu kabla haijaanza kuandaliwa.

Halafu nyakati. Ametoa mbili, siku mbili tofauti, moja asubuhi na moja alasiri. Ukitoa moja, ikikataliwa unaanza upya. Ukitoa tano, unampa kazi ya kuchagua na ataiahirisha. Lakini nyakati zenyewe hazikuokotwa. Kwenye kampuni ile Jumatatu ni ya kupanga safari, Ijumaa magari ya mikoani yanapakia tangu alfajiri, na kuanzia tarehe 25 stoo zinaanza kuhesabu mali ya kufunga mwezi. Ukizitoa siku hizo unabaki na Jumanne hadi Alhamisi, katikati ya mwezi. Wewe kaa chini utafute mianya ya bosi wako. Kama uko kwenye uhasibu, kumbuka kodi za mishahara zinatakiwa TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT tarehe 20. Siku mbili tatu kabla ya tarehe hizo usimwombe mkuu wa uhasibu chochote, hata ruhusa ya kwenda msalani mwombe kwa uangalifu. Mwezi wa Ramadhani, kama bosi wako anafunga, usimwekee saa kumi jioni. Mtu yuko na njaa na foleni inamsubiri.

Na jambo dogo ambalo limeshawaangusha watu, saa. Kwenye ujumbe wa Kiswahili andika kwa maneno, "saa nne asubuhi." Ukituma mwaliko kwenye kalenda ya kompyuta, ile kalenda haijui saa yetu, unatakiwa kuandika 10:00. Nilishawahi kuona mwaliko wa saa 4:00, bosi akajua ni saa kumi jioni, mfanyakazi amekaa mlangoni tangu asubuhi na faili lake mapajani.

Huo ukurasa mmoja ulioahidiwa pia una kazi yake. Unamfanya meneja aone kwamba mazungumzo yatakuwa ya takwimu, hayatakuwa ya machozi. Usiuambatanishe na ombi. Ukiuambatanisha, atausoma peke yake na kujijibu peke yake, na wewe hutakuwepo kueleza. Kwenye karatasi ya binti huyu kulikuwa na mistari michache tu: idadi ya mizigo iliyopokelewa kwenye stoo mbili tangu Machi, upungufu wa mali uliopatikana kwenye kila hesabu ya mwisho wa mwezi, na mstari mmoja unaosema nafasi ya Mbagala haijajazwa tangu tarehe fulani. Huo wa mwisho ndio uliokuwa dhahabu. Kampuni ilikuwa inaokoa mshahara mzima wa mtu kila mwezi, na fungu hilo lilikuwa bado limo kwenye bajeti ya idara.

Aliutuma ujumbe tarehe 13, Jumatano asubuhi, kwa barua pepe ya ofisi, wiki moja kabla. Kichwa chake kilisomeka "Ombi la kikao: majukumu na mapitio ya mshahara." Mtaniuliza, kwa nini si WhatsApp? Kwenye ofisi nyingi sasa hivi kazi yote inaendeshwa kwa WhatsApp, najua. Kama bosi wako hafungui barua pepe, tumia WhatsApp, lakini kwa maandishi, saa za kazi, na kwake peke yake. Sauti usitume. Ujumbe wa sauti unaweza kusikika mezani kwa watu, na hauwezi kutafutwa baada ya miezi mitatu. Wengine hufanya vizuri zaidi, wanapita mlangoni kusema, "Mama, nimekutumia ombi la kikao, naomba ukipata dakika ulitazame," bila kuongeza kitu. Hiyo ni adabu nzuri, inamwondolea mtu hisia kwamba umemwandikia kama wakili.

Sasa majibu. Kama ni kimya, hesabu siku tatu za kazi, kisha kumbusha mara moja ukilitaja ombi lako la kwanza na kuweka tarehe mpya kama zile zimeshapita. Kama ni "sina nafasi mwezi huu", uliza mwezi ujao tarehe gani, kwa sababu unataka iwe kabla ya bajeti. Kama ni "leta ombi lako kwa maandishi", hapo usikimbilie kuandika kila kitu. Jibu kwamba utaandaa, na unaomba mkae hata dakika kumi na tano ili ujue ofisi inahitaji nini ndani ya barua hiyo. Mara nyingi atakubali. Akikataa, basi andika barua, na hapo ndipo takwimu zako zote zinaingia. Na kama ni "nenda utumishi", muulize kama yeye ataliunga mkono, maana sisi wa utumishi swali letu la kwanza huwa, "Meneja wako anasemaje?" Ukiruka kichwa chake ukaja kwetu moja kwa moja, tutamrudishia yeye, naye atakuwa ameshakasirika.

Kabla sijaendelea na binti yule, niseme ujumbe huu haufanyi kazi kwa nani. Kama wewe ni mtumishi wa umma, mkuu wako hana mshahara wa kukuongeza. Mshahara wako unafuata ngazi na daraja, na nyongeza ya jumla inatoka Serikalini, kama ile ya Mei Mosi 2025 ambapo kima cha chini cha watumishi wa umma kilitangazwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Kikao chako wewe kiombwe kuhusu kupandishwa daraja au kubadilishwa kada. Wa sekta binafsi nao wasije wakaibeba habari ile ya Mei Mosi kwa bosi kana kwamba inawahusu. Nyie mna amri yenu ya kima cha chini, kwa sekta. Na kama kazini kwenu kuna chama cha wafanyakazi chenye mkataba wa hali bora, soma kwanza kipengele cha mishahara. Huenda nyongeza ya kila mwaka imeshajadiliwa kwa niaba yako, na kilichobaki cha kuombea kikao ni cheo au majukumu tu.

Tarakimu nimesema isiwemo kwenye ujumbe. Sijasema usiwe nayo kichwani. Uwe nayo, na iwe ya mshahara ghafi, kwa sababu ndiyo lugha ya watu wa fedha. Tuchukue 1,200,000 za binti yule, mwanachama wa NSSF anayekatwa asilimia 10. Inatoka 120,000, inabaki 1,080,000 ya kukatwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara, mtu aliyevuka milioni moja anakatwa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kilichozidi milioni. Hapo ni 128,000 na 24,000, jumla 152,000. Mkononi anapata 928,000, kama hana mkopo. Akiongezwa laki mbili, ile laki mbili haifiki nyumbani. Inakatwa 20,000 ya NSSF, kisha 54,000 ya kodi, inafika 126,000. Upande wa pili, mwajiri hatoi laki mbili tu. Anaongeza 20,000 ya NSSF kwa upande wake, na mchango wa mfuko wa fidia, na tozo ya ufundi stadi kama anahusika. Nyinyi wawili mnaweza kuzungumza kitu kimoja na kila mmoja akaona tarakimu yake. Kwa hiyo hesabu hiyo ifanye nyumbani, kabla hata hujaandika "Shikamoo mama."

Meneja alijibu siku iliyofuata. Nilioneshwa jibu lenyewe: "Alhamisi saa tisa sawa. Kwani unataka kuacha kazi?" Mnacheka, lakini mnaona, pamoja na uwazi wote ule bado aliogopa. Binti akajibu, "Hapana mama, nataka tupange vizuri kazi ya stoo mbili. Asante, tukutane Alhamisi tarehe 21 saa tisa alasiri, ofisini kwako." Hilo jibu la pili msilisahau. Linafunga tarehe, saa na mahali kwenye mstari mmoja, na limeandikwa na wewe.

Siku yenyewe ikafika, wakakaa dakika arobaini na zaidi. Alipotajiwa laki mbili, meneja hakusema ndiyo wala hapana. Aliomba abaki na ule ukurasa, na binti akaja kusikia baadaye kwamba meneja alikwenda nao hadi kwenye kikao cha fedha. Septemba ikapita kimya, Oktoba kimya. Alinipigia mara mbili, nikamwambia atulie, karatasi iko njiani, haiko kwenye maegesho. Barua ilimfikia Desemba: 1,350,000 ghafi kuanzia Januari. Pungufu ya alichotaja kwa elfu hamsini. Alikuwa ameshapiga hesabu, akajua itakayofika mkononi ni 94,500, na ndiyo iliyofika.

Stoo ya Mbagala bado anayo. Juzi ameniuliza kikao cha mwaka huu akiombe lini. Nimemwambia wiki ileile ya Agosti, ujumbe uleule, ila safari hii pale penye mshahara aandike msaidizi.